Koti limetoka, gauni limeingia, picha bado haikubali: tutafute kosa

Nguo zimebadilishwa vizuri, maski imekatwa kwa uangalifu, rangi hazipigani waziwazi, na bado kila anayetazama picha anasema kuna kitu hakijakaa. Mara nyingi hawezi kukionyesha kwa kidole. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, kutoka anachokiona mtazamaji hadi chanzo chake, na kwa kila dalili nasema ninavyorekebisha. Majina ya vitufe na menyu ni ya Photoshop. Anayetumia Photopea atayakuta karibu yote yakiwa na majina hayohayo.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mwanamke mwenye ngozi ya maji ya kunde amesimama nje siku ya mawingu, theluji imetanda chini, na amevaa koti zito la sufu la rangi ya damu ya mzee, limefungwa vifungo mpaka chini ya kidevu. Picha inayotakiwa ni ya majira ya joto: gauni jeupe la kitani lisilo na mikono, na nyuma yake bustani yenye majani mabichi. Uso unabaki. Kila kitu kilicho chini ya kidevu kinatoka kwenye picha nyingine, ambayo nitaiita picha ya mwili.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba uso haubadilishwi ili ukubaliane na nguo. Nguo na mwili ndivyo vinavyofuata uso. Macho ya binadamu husamehe mkunjo wa gauni uliokaa vibaya, lakini hayasamehi uso uliochezewa. Atakayeanza kwa kuupaka uso jua ili ulingane na mabega yenye jua ataishia na sura ya sanamu ya nta.

Dalili: kichwa kinaonekana kimebandikwa, ingawa rangi ya ngozi inalingana

Hapa chanzo si rangi hata kidogo. Chanzo ni mwanga: unatoka upande gani, na ni mgumu au laini. Rangi hutudanganya kirahisi, kwa hiyo iondoe kwanza uone kilichobaki. Weka juu ya leya zote leya ya `Solid Color` yenye kijivu cha 128, 128, 128, kisha ubadilishe modi yake iwe `Color`. Picha itageuka nyeusi na nyeupe. Sasa linganisha kivuli cha pua na kivuli cha kwapa, upande wenye mwanga wa shavu na upande wenye mwanga wa bega.

Katika mfano wetu, uso umepigwa na mwanga wa mawingu. Anga lote ni taa moja kubwa, kwa hiyo vivuli havina ukingo, vinayeyuka polepole. Picha ya mwili niliyoijaribu kwanza ilipigwa juani, na kamba ya gauni ilikuwa imetupa juu ya mtulinga mstari wa kivuli uliokatika kama kwa wembe. Hakuna kiasi cha `Curves` kitakachopatanisha vitu hivyo viwili.

Inafaa kujua kwa nini kivuli cha jua kina ukali huo. Jua tunaloliona angani lina upana wa takriban nusu digrii, hivyo ukungu kwenye ukingo wa kivuli ni karibu sehemu moja ya mia ya umbali kati ya kitu na mahali kivuli kinapoangukia. Kidevu kilicho sentimita 10 juu ya kifua kitatupa kivuli chenye ukungu wa milimita 1 tu. Kivuli cha tawi la mti lililo mita 5 juu kitakuwa na ukungu wa karibu sentimita 5. Kwa hiyo ukiona kifuani kivuli cha kidevu chenye ukingo mkali huku kivuli cha pua usoni hakina ukingo, umekwishapata kosa.

Dawa ni kubadilisha picha ya mwili, basi. Tafuta iliyopigwa chini ya mawingu au kwenye kivuli cha jengo. Kivuli cha mchana wa kiangazi ni majira ya joto kamili, na hakuna aliyesema lazima jua limpige mtu usoni. Acha jua liwe kwenye bustani nyuma yake, naye awe amesimama kivulini. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi unaookoa kazi nyingi kuliko mbinu yoyote ya brashi.

Picha bora ya mwili ni ya mtu huyohuyo, hata kama ni fulana tu aliyoivaa siku nyingine, kwa sababu mabega na shingo vitakuwa vyake. Hilo linamwondolea pia aibu ya kuonyeshwa na mwili usio wake. Kama haipo, mwombe yeyote mwenye umbo linalokaribia asimame karibu na dirisha lisiloingiza jua, uipige kamera ikiwa kwenye kimo kilekile ilichokuwa nacho picha ya uso. Kama mwanga unatoka upande wa kulia badala ya kushoto, geuza picha ya mwili kwa `Flip Horizontal`, ila angalia vifungo na maandishi kwenye nguo visije vikakuumbua.

Dalili: mikono ni ya mtu mwingine

Mwanga umelingana, sasa ngozi. Kosa la kawaida ni kuburuta kitelezi cha `Hue/Saturation` mpaka macho yaridhike. Macho huzoea haraka. Baada ya dakika chache hata mikono ya rangi ya chungwa itaonekana sawa. Afadhali namba.

Fungua paneli ya `Info`, na kwenye kifaa cha `Eyedropper` badilisha kipimo kutoka `Point Sample` kwenda `11 by 11 Average`, maana pikseli moja ya ngozi inaweza kuwa kinyweleo au punje ya kamera. Chagua sehemu mbili zinazotazama upande mmoja: katikati ya paji la uso, na mbele ya bega. Usipime pua wala mashavu, kwa sababu baridi hupeleka damu huko na namba zitakupotosha. Usipime pia ndani ya mkono, ambako ngozi ya karibu kila mtu ni nyepesi kuliko nje.

Katika mfano, paji lilisoma R 168, G 122, B 104. Bega lilisoma R 196, G 140, B 98. Tazama tofauti ilivyokaa: bega liko juu kwenye nyekundu na kijani, lakini liko chini kwenye bluu. Maana yake si jeusi wala jeupe zaidi tu; limepigwa na mwanga wenye joto zaidi. Ukisoma kwa HSB, paji lina `H` ya digrii 17 na bega digrii 26. Ngozi za watu wengi, weusi kwa weupe, hukaa kati ya digrii 10 na 30 hivi. Kinachotofautiana sana ni wingi wa mwanga. Ndiyo maana tofauti ya digrii 9 inaonekana mara moja hata kwa asiyejua chochote kuhusu picha.

Pima pia sehemu ya kivulini, kwa sababu nukta moja haitoshi. Upande wa kipanda cha uso usio na mwanga ulisoma 102, 74, 65, na upande wa kivuli wa mkono 120, 80, 54. Sasa weka leya ya `Curves` iliyobanwa kwenye leya ya mwili kwa `Create Clipping Mask`, ipe maski inayoonyesha ngozi tu, kisha kwenye kila chaneli weka nukta mbili. Namba ya kushoto ni `Input`, ya kulia ni `Output`:

```
Red    196 → 168    120 → 102
Green  140 → 122     80 → 74
Blue    98 → 104     54 → 65
```

Hapo bega limekuwa paji na kivuli kimekuwa kivuli. Karibu, lakini bado. Uso wa mtu na mkono wake havifanani kabisa hata kwenye picha ambayo haijaguswa. Uso huwa na wekundu kidogo zaidi, na mkono ulioota jua huwa mweusi kidogo. Ukiviacha vikiwa sawasawa kwa namba, mtu ataonekana amechovywa kwenye rangi moja. Punguza `Opacity` ya leya hiyo hadi kati ya 85 na 90, uhai unarudi.

Kuna jaribio la mwisho hapa. Chukua ile leya ya kijivu na uibadilishe modi kutoka `Color` kwenda `Luminosity`. Sasa mwanga wote umesawazishwa na unaona rangi peke yake, zikiwa mabaka ya ajabuajabu. Uso na mikono vikiwa na baka la rangi moja, umefaulu. Shingo ikionekana ya waridi au ya zambarau katikati ya viwili hivyo, nenda dalili inayofuata.

Dalili: shingo na taya zina wekundu usioeleweka, au kidevu kinaelea

Koti lilikuwa taa. Watu husahau hili. Kitambaa cha damu ya mzee kilichokuwa sentimita chache chini ya kidevu kilirudisha mwanga wake mwekundu kwenye taya, na koti likiondolewa wekundu unabaki ukiwa hauna mwenyewe. Kwenye mfano, chini ya taya `H` ilikuwa imeshuka hadi digrii 5.

Fungua leya mpya yenye modi ya `Color`, chukua rangi ya upande wa shavu ulio karibu na sikio, na upake taya kwa brashi laini yenye `Flow` ya 10 hivi, pole pole. Modi hiyo inabadilisha rangi bila kugusa mwanga, kwa hiyo umbo la taya halipotei. Acha mara wekundu unapokoma kuvuta jicho. Taya huwa na wekundu wake wa asili.

Kisha fikiria gauni jipya litafanya nini. Jeupe hurudisha mwanga mwingi kuliko sufu ya damu ya mzee, kwa hiyo chini ya kidevu panapaswa kung'aa kidogo zaidi ya palivyokuwa. Ongeza `Curves` yenye maski laini, inua katikati kwa nukta 8 au 10, basi. Wengi hufanya kinyume, wanaweka kivuli kizito chini ya kidevu wakidhani ndicho kinachoshikanisha kichwa na shingo.

Kivuli kinahitajika, ila mahali pake ni shingoni, na kwa mwanga wa mawingu ni kipana na hakina ukingo. Kipake kwenye leya ya `Multiply`, kwa rangi iliyochukuliwa kwenye kivuli cha ngozi yenyewe na kamwe si nyeusi, `Opacity` kati ya 20 na 35. Nyeusi juu ya ngozi ya maji ya kunde huonekana kama masizi. Kamba ya gauni nayo inataka mstari mwembamba wa kivuli pale inapogusa bega. Pikseli 2 hadi 4 zinatosha kwa picha yenye urefu wa pikseli 3000. Bila mstari huo kamba inaelea.

Kidevu kikiendelea kuelea baada ya hayo, pima shingo. Kola ya koti iliificha, kwa hiyo umeikisia. Pima kutoka kidevuni hadi kwenye kishimo kilicho kati ya mitulinga, kwenye picha nyingine ya mtu huyo iliyopigwa akiwa wima vilevile, kisha ulinganishe na urefu wa uso wake. Mtu aliyekuwa akisikia baridi huwa amepandisha mabega, na kichwa chake kimezama. Kwa kiangazi, shusha mwili kidogo kidogo mpaka uwiano urudi.

Dalili: kuna kivuli cha koti pembeni ya mabega

Sufu nzito huongeza sentimita kadhaa kila upande. Ukivua koti, mwili mwembamba unaacha pengo, na mandhari ya pengo hilo haikuwahi kupigwa picha. Kwa kuwa hapa mandhari yote inabadilishwa, shida ni ndogo: futa koti lote kabisa badala ya kuweka gauni juu yake. Ukibaki na uzi mwekundu kwenye ukingo wa nywele au sikio, punguza maski kwa pikseli 1, au tumia `Decontaminate Colors` ndani ya `Select and Mask`. Kama mandhari ya awali inabaki, lijaze pengo kabla ya kuleta gauni, usije ukafanya kazi hiyo kwa kubahatisha nyuma ya mkono uliokwisha kupangwa.

Dalili: kila kitu kinalingana, lakini mtu bado anaonekana yuko kwenye baridi

Hii ndiyo inayowachosha wateja kuieleza. Vyanzo vyake ni vitatu: viwili viko usoni, cha tatu kiko kwenye picha nzima.

Cha kwanza ni theluji. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoifikia. Majani mabichi hurudisha sehemu ndogo tu. Kwa hiyo kwenye picha ya theluji, sehemu ya chini ya pua, chini ya nyusi na kope za juu huwa zimeangazwa kutoka chini, jambo ambalo bustani haiwezi kulifanya. Weka `Curves` inayoshusha mwanga kwa nukta 10 hadi 15, ifiche kwa maski nyeusi, kisha ifunue kwa brashi laini mahali hapo patatu. Kidevu kiache, gauni jeupe linakihudumia. Mabadiliko ni madogo kiasi kwamba ukiyatazama karibu hutayaona. Rudi nyuma picha iwe ndogo, ndipo tofauti inajitokeza.

Cha pili ni ngozi yenyewe. Kwa ngozi nyeupe baridi huacha pua na masikio mekundu. Hapo `Hue/Saturation` kwenye `Reds`, `Hue` ikisogezwa +5 hadi +8 kwa maski, hutosha. Kwa ngozi ya maji ya kunde au nyeusi dalili ni nyingine: ngozi imepauka, na mng'ao wake umekuwa wa kijivu. Kuongeza rangi hapa ni kosa, utapata uso wa shaba. Kinachokosekana ni mng'ao. Chagua sehemu zenye mwanga za paji, daraja la pua na juu ya shavu, uziinue kidogo kwa `Curves` yenye modi ya `Luminosity`, kisha ziguse kwa leya ya `Color` yenye rangi ya ngozi ya jirani ili kijivu kiondoke. Midomo iliyokauka nayo irekebishwe kwa njia hiyo. Kama pumzi ilitoka kama moshi mbele ya mdomo, ifute mapema kabla ya yote.

Cha tatu ni rangi ya picha nzima. Mwanga wa mawingu una ubaridi wa bluu, nasi tumeifanya mikono na gauni vifuate ubaridi huo makusudi. Sasa ndipo joto linaingia, kwa leya moja ya `Curves` iliyo juu ya kila kitu, isiyobanwa popote: kwenye `Blue` peleka 128 iwe 120, kwenye `Red` peleka 128 iwe 133. Kwa kuwa inagusa uso, mikono, gauni na majani kwa pamoja, inavifunga kuwa picha moja. Paji la mfano wetu lilitoka digrii 17 hadi karibu 20, na gauni likawa jeupe lenye joto kidogo. Ukiona `H` ya ngozi inapita 30, umezidisha. Mtu anaanza kuwa wa njano. Hakikisha pia sehemu inayong'aa zaidi ya gauni haipiti 240 hivi, kwani ikifika 255 nyuzi za kitani zinapotea na unabaki na karatasi.

Mpangilio huo ni muhimu. Anayeupasha joto uso kwanza, halafu mikono, halafu mandhari, kila kimoja kwa leya yake, atakuwa akizunguka usiku kucha kwa sababu hakuna kilichosimama mahali pamoja.

Dalili: ukiikuza picha, gauni ni safi mno

Punje za kamera hazilingani. Siku ya mawingu kamera huenda ilitumia ISO kubwa, na picha ya mwili ikapigwa kwa ndogo. Kuza hadi 100%, tazama chaneli ya `Blue` peke yake ambako punje huonekana zaidi, kisha uongeze `Add Noise` kwenye mwili, `Gaussian`, kuanzia 1% hadi 3%, mpaka zifanane. Kama mwili ni mkali kuliko uso, uutie `Gaussian Blur` ya pikseli 0.5 kabla ya punje, si baada yake.

Pale ambapo sirekebishi

Nywele ndefu nyeusi zilizomwagika juu ya koti jeusi hazina ukingo wa kukatwa; mpaka wenyewe haupo kwenye picha. Ninazifuta kuanzia begani na kuchora upya nyuzi kwa brashi ya pikseli 2 au 3 nikifuata mwelekeo wa zilizobaki, au naziweka nyuma ya bega. Kola ya manyoya iliyofunika taya ni mbaya zaidi, kwani hapo sina taya ya kurudishia, na taya ya kukisia hubadilisha sura ya mtu hadi nduguze wasimtambue. Kazi hiyo naomba picha nyingine ya uso. Vivyo hivyo kama uso umepigwa na jua la chini la baridi kutoka ubavuni, nusu moja nyeupe na nusu kivuli kizito: mwili wa mawinguni hautaukubali kamwe, na ni rahisi kumsimamisha mtu mwingine juani saa kumi na moja jioni na kumpiga picha kwa pembe ileile kuliko kupigana na uso huo kwa brashi.